Wasifu mmoja, nakala mbili: shajara ya faili la maandishi matupu kando ya PDF

Nimefanya kazi kwenye ghala la korosho hapa Mtwara kwa misimu minne, miwili ya kwanza kama karani na miwili ya mwisho kama Afisa Ghala Msaidizi. Mkataba uliisha Januari 2025 na tangu hapo naomba kazi, na maombi mengi siku hizi ni fomu za mtandaoni. Nilikuwa na wasifu mmoja tu: PDF ya rangi mbili niliyotengenezewa steshenari Chikongola kwa shilingi 15,000. Hapa naandika jinsi nilivyotengeneza nakala ya pili, faili la maandishi matupu lisilo na rangi wala safu, na makosa niliyofanya hadi nakala zote mbili zikaafikiana. Ninaweka tarehe na gharama ili mwenye shida kama yangu aanzie nilipofika, asianzie nilipoanzia.

8 Februari 2025: fomu imesoma nisichokiandika

Kampuni moja ya usafirishaji ilitangaza nafasi ya karani wa mizigo. Fomu yao ilikuwa na sehemu ya kupakia wasifu, halafu yenyewe inajaza visanduku kwa kusoma PDF. Nikapakia, nikasubiri, visanduku vikajaa. Kwenye "mwajiri wa sasa" palikuwa na neno "Kiingereza". Kwenye cheo palikuwa na mahali nilipozaliwa. Miaka ya kazi haikuwepo kabisa.

Nilirekebisha kwa mkono kupitia simu, kisanduku kimoja baada ya kingine, karibu saa nzima. Kati ya marekebisho hayo bando liliisha, na nilipoweka lingine la shilingi 2,000 fomu ilikuwa imejifunga na kila nilichoandika kimepotea. Sikutuma ombi siku hiyo.

Kilichoniumiza ni kwamba PDF yenyewe ilikuwa safi machoni. Nimeifungua mara nyingi, nimeichapisha, kila kitu kipo mahali pake. Kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa kujua fomu iliona nini.

9 Februari: kuangalia PDF kwa macho ya mashine

Kipimo ni rahisi na hakina gharama. Fungua PDF kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+A kuchagua kila kitu, Ctrl+C kunakili, kisha bandika ndani ya Notepad. Notepad haijui rangi, safu wala ukubwa wa herufi, kwa hiyo kinachobaki ni herufi zenyewe kwa mpangilio ambao programu imezisoma. Nilitumia laptopu ya kuazima ya binamu yangu. Hiki ni kipande cha nilichokipata, namba ya simu nimeiondoa:

```
MAWASILIANO UZOEFU WA KAZI
Likong’o, Lindi Aﬁsa Ghala Msaidizi
□ (namba ya simu) Msimu wa 2023/2024
UJUZI Kupokea na kupima korosho,
Excel kuangalia unyevu na kuandaa
Kiingereza stakabadhi za ghala.
```

Wasifu wangu ulikuwa na safu mbili: kushoto mawasiliano na ujuzi, kulia kazi nilizofanya. Mtu anaisoma safu ya kushoto hadi chini, kisha anahamia ya kulia. Programu ilisoma mstari kwa mstari kutoka kushoto hadi kulia, ikavuka mpaka wa safu kama vile haupo. Ndipo "Kiingereza" ikashikana na "stakabadhi za ghala".

Sababu ni namna PDF inavyohifadhi maandishi. Ndani ya faili hakuna aya wala safu. Kuna maelekezo ya kuweka herufi fulani sehemu fulani ya ukurasa, nyingine sehemu nyingine. Anayetaka kuirudisha kuwa maandishi lazima akisie kipi kinafuata kipi. PDF nyingine hubeba alama za ndani zinazoeleza mpangilio, yangu haikuwa nazo. Programu mbili zinaweza kukisia tofauti, na kweli nilipofungua faili lilelile kwa programu nyingine, safu ya kushoto yote ilikuja mwisho, baada ya wadhamini.

Niligundua mengine mawili. Picha ndogo ya simu iliyokuwa kando ya namba imegeuka kuwa mraba mtupu, kwa hiyo hakuna neno "Simu" popote kwenye wasifu wangu. Na vile vipau vya kuonyesha kiwango cha ujuzi, vinne kati ya vitano kwa Excel, havikuja kabisa. Vilikuwa michoro. Mashine imeambiwa tu "Excel", bila kuambiwa naijua kiasi gani.

Tahadhari moja: kipimo hiki kinaonyesha ubovu vizuri kuliko kinavyothibitisha uzima. Ukiona mvurugo, jua fomu nayo huenda ikavurugwa. Ukiona maandishi yamekaa sawa, bado fomu inaweza kusoma kwa njia yake. Na kama Ctrl+A haichagui neno hata moja, wasifu wako ni picha ndani ya PDF. Hapo fomu haina cha kusoma, labda iwe na uwezo wa kutambua herufi ndani ya picha.

15 Februari: kusafisha nilichonakili (imeshindikana)

Niliona njia ya mkato: nimeshapata maandishi kutoka PDF, niyapange upya niyahifadhi kama `wasifu.txt`. Nilitumia jioni nzima kwa kazi hii. Ni kosa lililonifundisha zaidi, kwa hiyo nalieleza kwa urefu.

Baada ya kupanga, nilibandika maandishi hayo kwenye fomu nyingine iliyokuwa na kisanduku kikubwa cha wasifu. Kabla ya kutuma ilinionyesha muhtasari, na mahali palipoandikwa Likong'o palisomeka hivi:

```
Likongâ€™o, Lindi
```

Mwanzoni nilidhani nimebonyeza kitu vibaya. Kumbe ile alama iliyo kati ya "ng" na "o" haikuwa alama ya kawaida ya kibodi. Programu ya kusanifu ilikuwa imeibadilisha kuwa ile iliyopinda, inayopendeza kwenye karatasi. Alama iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu katika UTF-8, utaratibu wa kuhifadhi herufi ndani ya faili, na mfumo wa fomu ulizisoma baiti hizo kama herufi tatu tofauti. Ile iliyonyooka ni baiti moja, na karibu kila mfumo unaisoma sawa. Sisi tunaoandika ng'ambo, ng'ombe na Likong'o tunakutana na jambo hili kila siku.

La pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu halionekani. Nilitaka kuhakikisha cheo changu kipo, nikabonyeza Ctrl+F, nikaandika "Afisa". Haikulipata. Neno lilikuwa mbele ya macho yangu, "Aﬁsa Ghala Msaidizi", na kompyuta inasema halipo. Nilisogeza mshale herufi kwa herufi. Baada ya A ukaruka f na i kwa pamoja, kana kwamba ni herufi moja. Na kweli ni moja. Baadhi ya fonti huunganisha f na i kuwa umbo moja ili kichwa cha f kisigongane na nukta ya i, na programu iliyotengeneza PDF ilikuwa imehifadhi umbo hilo badala ya herufi mbili. Kila "afisa" na "ofisi" kwenye wasifu wangu ilikuwa hivyo. Mwajiri anayetafuta neno "Afisa Ghala" kwenye mamia ya maombi asingeliona langu, na mimi nisingejua kwa nini.

Nilianza kuyarekebisha moja moja, lakini kila nikidhani nimemaliza naona lingine. Mwishowe nikamuuliza binamu, ambaye hufundisha kompyuta. Alinipa amri hii ya PowerShell, dirisha la amri lililomo ndani ya Windows, inayoonyesha kila mstari wenye alama isiyo ya kibodi ya kawaida:

```
Select-String -Path wasifu.txt -Encoding utf8 -Pattern '[^\x00-\x7F]'
```

Unafungua PowerShell kwenye folda yenye faili, unaibandika, unabonyeza Enter. Kila mstari wenye tatizo unatoka na namba yake. Yangu ilitoa mistari 31 kati ya 70 na kitu. Kulikuwa na vistari virefu katikati ya miaka, nukta za orodha zilizogeuka miraba, hata nafasi ambazo si nafasi za kawaida, zilizowekwa ili maneno mawili yasitengane.

Hapa Kiswahili kinatupa nafuu kubwa. Hatuna herufi zenye alama juu wala chini kama Kifaransa au Kireno. Kila neno letu, pamoja na ng', linaandikika kwa herufi za kawaida za kibodi. Kwa hiyo naweza kuweka sharti gumu: amri ile isitoe mstari hata mmoja. Mwenye jina lenye herufi ya kigeni asilivunje jina lake kwa ajili ya sharti hili. Ahifadhi faili kwa UTF-8 na apime muhtasari wa fomu kabla ya kutuma.

Nilifuta faili lote.

22 Februari: nimeandika upya kwa mkono

Nilifungua Notepad tupu, nikaweka PDF pembeni, nikaandika kila neno upya. Saa mbili na nusu. Ilinichukua muda mfupi kuliko ile jioni ya kusafisha, na matokeo ni safi tangu mwanzo, kwa sababu Notepad haibadilishi alama unazoandika. Word hubadilisha, inapindisha alama za kunukuu na kurefusha vistari bila kukuuliza, kwa hiyo nakala hii siiandiki ndani ya Word hata mara moja.

Kazi moja ikawa na sura hii:

```
UZOEFU WA KAZI

Cheo: Afisa Ghala Msaidizi
Mwajiri: (jina kamili la mwajiri), Mtwara
Kuanza: Oktoba 2023
Kumaliza: Januari 2024
Kazi:
- Kupokea korosho na kulinganisha uzito na hati ya gari.
- Kupima unyevu na kuandika daraja la kila shehena.
- Kuandaa taarifa ya ghala kwa Excel kila jioni.
```

Kichwa ni herufi kubwa kwa sababu hakuna wino mzito hapa. Orodha ni kistari kifupi na nafasi moja. Hakuna alama ya Tab, maana fomu nyingine huimeza na maneno yakashikana. Kila mstari wa kazi unaishia kwa nukta, na sababu yake niliielewa baadaye: fomu nyingine huunganisha mistari yote kuwa aya moja ikishapokea, na pasipo nukta huoni sentensi inaishia wapi.

Jambo lililonichukua muda ni misimu. Kwenye PDF niliandika "Msimu wa 2023/2024", na huku Kusini hakuna asiyeelewa: korosho zinaanza kuingia Oktoba, minada inakwenda hadi mwisho wa mwaka au Januari. Lakini fomu inataka mwezi na mwaka wa kuanza, mwezi na mwaka wa kumaliza. Ikikuta "2023/2024" inaweza kuchukua mwaka mmoja na kuacha mwingine, au kuhesabu miaka miwili mizima ambayo sikufanya kazi. Kwa hiyo kila msimu nimeuandika kwa miezi yake, na miezi kwa majina. "03/04/2024" ni tarehe 3 Aprili kwetu na ni tarehe 4 Machi kwa mfumo uliotengenezwa Marekani. "Aprili 2024" haina utata huo.

Msomaji asiyejua korosho angeona pia mapengo ya miezi minane kila mwaka na kudhani nafukuzwa kazi. Nimeongeza mstari mmoja juu ya sehemu hiyo: "Ajira ya msimu wa korosho, mkataba ulirudiwa na mwajiri yuleyule kwa misimu minne mfululizo." Mstari huo haukuwepo kwenye PDF. Nilipolazimika kueleza kwa maneno matupu ndipo nilipoona kwamba haukuwepo.

Vile vipau vya ujuzi navyo vimekuwa sentensi. Badala ya vipau vinne vya Excel: "Excel: kuandaa taarifa ya ghala ya kila siku, kujumlisha kwa mkulima na kwa daraja, kutumia PivotTable."

2 Machi: kosa la Enter

Dogo lakini linarudi. Kwenye aya ya utangulizi nilikuwa nabonyeza Enter kila mstari ulipokaribia ukingo wa dirisha, ili usomeke vizuri. Nilipobandika kwenye fomu kwa simu, mistari ilikatika ovyo: mmoja mrefu, unaofuata maneno mawili, tena mrefu. Kisanduku cha simu ni chembamba, kinakunja mstari pale kinapotaka, halafu kinakutana na Enter yangu na kukunja tena.

Dawa ni kuwasha Word Wrap kwenye Notepad, ili dirisha likunje lenyewe bila kuweka kitu ndani ya faili. Enter ni kwa mwisho wa aya au mwisho wa kipengele tu.

16 Machi: sanduku la herufi 1,000

Baada ya futari nilikaa na fomu ya nafasi ya mtunza stoo. Ilikuwa na kisanduku cha "eleza uzoefu wako", kikomo herufi 1,000. Nilipunguza maandishi yangu hadi kihesabio cha fomu kikaonyesha 992. Nikatuma. Ikarudi kwa wekundu: maelezo yamezidi herufi 1,000.

Nilifuta neno moja fupi, nikatuma, ikakataa. Sikuelewa hadi nilipohesabu faili lenye maandishi yale ya 992 kwa amri hii:

```
(Get-Content maelezo.txt -Raw).Length
```

Jibu lilikuwa 1006. Tofauti ya 992 na 1006 ni 14, na maandishi yangu yalikuwa na Enter 14. Kumbe kisanduku kwenye skrini huhesabu kila Enter kuwa alama moja, lakini fomu inapotumwa, kila Enter husafiri kama alama mbili: moja ya kurudi mwanzo wa mstari na moja ya kushuka chini. Seva ya fomu hiyo ilikuwa inahesabu kilichofika. Notepad ya Windows nayo huhifadhi Enter kwa alama mbili, ndiyo maana amri ile ilitoa hesabu sawa na ya seva.

Sikulazimika kufuta maneno yoyote. Nilirudisha lile nililokuwa nimefuta, nikaondoa mistari mitupu 6 kati ya aya. Kila mmoja ulikuwa unakula alama mbili, jumla 12, na 1006 ikawa 994. Ikapita.

Tangu siku hiyo nina maelezo ya urefu wa aina tatu yaliyokwisha kuhesabiwa: fupi la herufi kama 250, la kati lisilozidi 950 kwa hesabu ya amri ile, na kamili. Yako ndani ya faili moja, chini ya vichwa vyake. Fomu ikitaja kikomo, nachukua linaloingia.

Siku hiyohiyo kisanduku cha namba ya NIDA kilinikatia tarakimu za mwisho. Kitambulisho kinaiandika kwa vistari: tarakimu 8, 5, 5 na 2. Jumla ni tarakimu 20, lakini pamoja na vistari vitatu zinakuwa alama 23, na kisanduku kilikuwa cha 20. Sasa nimeiandika bila vistari. Namba hiyo na simu za wadhamini nimezitoa kwenye wasifu na kuziweka faili la peke yake, `siri.txt`, linalobaki kwenye simu yangu. Nakala ya kawaida huwa nafungua hata steshenari, na faili likiachwa kwenye kompyuta ya watu linaweza kufunguliwa na yeyote anayeketi baada yako.

29 Machi: nakala mbili zimepishana

Hili ndilo lililonitia hofu zaidi, maana makosa mengine yalikuwa ya herufi na hili ni la ukweli.

Nilimpelekea mjomba wangu nakala zote mbili azisome. Alifanya kazi ya utumishi hadi akastaafu, amesoma maombi ya kazi kwa miaka mingi. Alizilaza karatasi mbili kitandani kwake, kidole kimoja huku na kimoja kule, akawa anashuka mstari kwa mstari.

"Mjomba," akaniita, "hapa umemaliza kazi Januari 2024. Huku umemaliza Februari 2024. Nishike lipi?"

Nikamweleza kwamba mkataba uliisha mwisho wa Januari, ila nilirudi Februari siku chache kukabidhi hesabu za ghala. Mwaka jana nilipoandika PDF nilihesabu hadi siku za makabidhiano. Safari hii niliandika kwa kufuata mkataba.

"Mimi nimekuelewa kwa sababu umekaa mbele yangu," akasema. "Mwenye karatasi mbili ofisini hana wa kumuuliza. Atasema huyu mmoja wapo kadanganya. Fuata barua ya mkataba, maana ndiyo watakayokuomba."

Fomu nyingi hutaka vyote viwili: ujaze visanduku, kisha upakie na PDF. Kwa hiyo msomaji anazo nakala zote mbili, na tofauti ya mwezi mmoja inaonekana. Nilikagua kila tarehe dhidi ya barua zangu za mikataba. Nilikuta nyingine: mwaka wa kumaliza cheti cha kompyuta, PDF ilisema 2020, cheti chenyewe kinasema 2021.

Chanzo kilikuwa mimi kurekebisha nakala iliyo karibu. Nikiwa kwenye simu narekebisha maandishi, nikiwa steshenari naomba PDF irekebishwe, na hakuna iliyo mama. Sasa maandishi matupu ndiyo mama. Badiliko lolote linaingia huko kwanza, hata kama ni namba ya simu tu, na PDF inachukua kutoka huko. Majina ya mafaili yanabeba tarehe moja:

```
wasifu-2025-03-29.txt
wasifu-2025-03-29.pdf
```

Tarehe zikitofautiana, najua PDF imebaki nyuma na siitumi. Nimeweka mwaka mbele ili folda iyapange yenyewe kwa mfuatano. Jina langu naliongeza mbele ya faili wakati wa kutuma tu.

12 Aprili: PDF imeshonwa upya

Nilirudi steshenari na faili la maandishi. Dada wa pale hakupenda niliposema nataka safu moja.

"Itakuwa kama barua," akasema. "Hii ya safu mbili ndiyo wanayoipenda wateja."

Nikamwonyesha kile kipande cha Notepad chenye "Kiingereza stakabadhi za ghala". Akakisoma mara mbili, akavuta kiti. Alibandika PDF ya mteja mwingine kwenye Notepad, nayo ikatoka hivyohivyo. Tukafanya kazi pamoja hadi mchana na hakunitoza usanifu, alichukua shilingi 1,500 ya kompyuta tu.

Tulitumia Word, safu moja. Rangi ya bluu imebaki kwenye vichwa, na mstari mwembamba chini ya kila kichwa. Jina limebaki kubwa. Mawasiliano tuliyatoa kwenye ile sehemu ya juu inayojirudia kila ukurasa tukayaweka ndani ya ukurasa wenyewe, kwa sababu programu nyingine huiruka sehemu ile. Picha za simu na bahasha zimeondoka, yameandikwa maneno "Simu" na "Baruapepe". Hakuna visanduku vya maandishi vinavyoelea. Safu ya miezi upande wa kulia tuliijaribu kwa jedwali, ikatoka imevurugika kwenye Notepad, tukaweka miezi kwenye mstari wake chini ya cheo.

Tulipohifadhi kama PDF nilirudia kipimo cha tarehe 9 Februari. Maandishi yalitoka kwa mpangilio uleule wa faili mama, na Ctrl+F ikalipata "Afisa" mara zote nne. Kulikuwa na alama tano zisizo za kibodi, zote vistari ambavyo Word ilivirefusha. Tulivirudisha.

Gharama tangu Februari: bando 4,000, kompyuta steshenari 1,500, kuchapisha kurasa mbili kwa ajili ya mjomba 400. Jumla shilingi 5,900. Zile 15,000 za usanifu wa kwanza sizihesabu.

26 Aprili: inavyofanya kazi sasa

Kampuni ileile ya Februari ilitangaza tena, nafasi nyingine. Nilipakia PDF mpya kwenye fomu yao. Cheo kimesomwa sawa, mwajiri sawa, miezi ya misimu yote minne sawa. Elimu bado imekosea: cheti cha kompyuta kimeingia kwenye kazi, kikaonekana kama mwajiri wa tano. Nilikifuta hapo na kukibandika kwenye elimu kutoka faili mama. Fomu nzima ilichukua dakika 18.

Ajira Portal nayo nimeijaza kwa faili hilihili. Inataka taarifa sehemu kwa sehemu, elimu peke yake, uzoefu peke yake, wadhamini peke yao, na kwa kuwa faili langu lina vichwa hivyohivyo nilikuwa nanakili na kubandika tu.

Lililobaki ni hicho cheti. Nitajaribu kukihamisha kwenye PDF, sasa kiko chini ya kazi ya mwisho bila kichwa chake, na nadhani ndiyo sababu fomu inakihesabu kuwa kazi. Nitaanza kwenye faili la maandishi, kisha PDF, kisha nitapakia tena nione.